Kumwomba Mwajiri Ufafanuzi wa Makato ya Mshahara wa Siku za Ugonjwa

Wafanyakazi wanaotoka Visiwani na kuajiriwa Tanzania Bara wanakumbushwa kwamba likizo yao ya ugonjwa huongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ni sheria ya Bara. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, haiwafuati huko. Maelezo haya yanahusu mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeugua, akapewa cheti na daktari, kisha akakuta mshahara wake umepungua bila ya kuelezwa sababu.

Haki yenyewe

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko mmoja wa likizo. Mzunguko huo ni miezi 36, na huhesabiwa tangu siku alipoanza kazi au tangu mzunguko uliotangulia ulipokamilika. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Siku za mapumziko ya wiki zinazoangukia ndani ya likizo nazo huhesabiwa. Kwa kawaida haki ya likizo yenye malipo humfikia aliyetimiza miezi sita kazini.

Sharti kubwa ni cheti. Mwajiri halazimiki kulipa iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mganga mwengine anayekubaliwa na mwajiri. Kwa upande wa pili, kifungu cha 28 kinamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi inaporuhusu, au mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi kukatwa deni. Kwa hiyo kila makato lazima yawe na msingi unaotajika, na barua ya mfanyakazi huuliza msingi huo.

Mfano wa Runzewe

Uchukuliwe mfano wa mfanyakazi wa karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko Runzewe, Wilaya ya Bukombe, sehemu iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya kuundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Mshahara wake ni shilingi 520,000 kwa mwezi, na hufanya kazi siku sita kwa wiki. Alifanyiwa upasuaji wa ngiri, akapewa cheti cha siku 12, tangu Jumatano tarehe 3 hadi Jumapili tarehe 14 Juni. Kidonda kilichelewa kupona, akapewa cheti cha pili cha siku tisa, tangu Jumatatu tarehe 15 hadi Jumanne tarehe 23. Mwisho wa mwezi hati yake ya mshahara ilionesha makato ya shilingi 160,012, na mbele yake maneno "siku za kutokuwepo".

Kabla ya kuandika lolote, mfanyakazi huyo alifanya hesabu. Kwa kanuni iliyomo katika sheria, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki hugawanywa kwa siku za kazi. Shilingi 520,000 zikigawanywa hivyo hutoa kama shilingi 120,009 kwa wiki na shilingi 20,001 na senti kadhaa kwa siku. Makato ya 160,012 ni mshahara wa siku nane kamili. Cheti cha pili kina siku tisa, na ndani yake mna Jumapili moja. Siku za kazi zinazobaki ni nane.

Hesabu hiyo ilidokeza mahali tatizo lilipo: cheti cha kwanza kilifika kwa mshika mishahara, cha pili hakikufika. Kwa kweli kilipelekwa na mdogo wake na kukabidhiwa msimamizi wa zamu, bila ya mtu kutia saini ya kukipokea.

Ilibaki kuona kama nusu mshahara ingeweza kuwa sababu. Katika mzunguko uleule alikuwa ameshatumia siku 30 za ugonjwa. Zikijumlishwa na 21 zinakuwa 51, nazo hazijafikia 63. Lau angekuwa ameshatumia siku 50, basi siku 13 tu zingelipwa kamili na nane za mwisho zingelipwa nusu. Hapo sehemu ya makato ingekuwa halali. Mwenye kuruka hatua hii huweza kudai kisichokuwa haki yake.

Barua na viambatisho

Barua huwa fupi, huomba maelezo, wala haimtuhumu mtu. Ya mfanyakazi huyo iliandikwa hivi:

"Ndugu Meneja,

Kuhusu: Ombi la ufafanuzi wa makato ya mshahara wa Juni

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nilikuwa katika likizo ya ugonjwa tangu tarehe 3 hadi 23 Juni kwa vyeti viwili vya daktari. Hati yangu ya mshahara inaonesha makato ya shilingi 160,012 kwa siku za kutokuwepo. Kwa hesabu yangu kiasi hicho ni cha siku nane za kazi zilizomo katika cheti cha pili, ambacho kilikabidhiwa kwa msimamizi wa zamu tarehe 15 Juni. Naomba kwa heshima nielezwe kwa maandishi ni siku zipi zilizokatwa na kwa msingi gani. Iwapo cheti hicho hakikufika ofisini, naambatisha nakala yake na kuomba hesabu irekebishwe katika mshahara wa Julai. Nitashukuru kupata jibu ndani ya siku 14.

Wako mtiifu."

Viambatisho vilikuwa vitatu: nakala za vyeti vyote viwili na nakala ya hati ya mshahara. Vyeti halisi alibaki navyo. Jalada la matibabu halikuambatishwa, kwani kinachothibitishwa ni siku za mapumziko. Barua ilitolewa nakala mbili. Juu ya nakala yake mpokeaji aliandika jina, tarehe na kutia saini. Saini hiyo ndiyo iliyokosekana pale cheti cha pili kilipopelekwa.

Jibu lisipopatikana

Siku 14 zilizotajwa katika barua ni ombi la mfanyakazi, si muda wa kisheria. Muda wa kisheria ni wa kupeleka mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nao kwa madai ya namna hii ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ni salama kuzihesabu tangu siku ya malipo pungufu, wala kuandikiana barua kusichukuliwe kuwa kunasimamisha hesabu hiyo. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuiomba Tume imruhusu, akionesha sababu nzuri ya kuchelewa. Tume huanza kwa usuluhishi, na hapo karatasi zilezile zilizoambatishwa kwenye barua huwa ndiyo ushahidi.

Mfanyakazi aliyeumia kazini asitumie utaratibu huu peke yake. Huyo madai yake huhusu pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Vilevile kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii huendelea kukatwa katika mshahara wa siku za ugonjwa, na havimo miongoni mwa makato yanayoulizwa hapa.