Swichi Isiyogusana: Gurudumu la Umeme Linavyojua Sumaku Ilipo

Fungua gurudumu la nyuma la baiskeli ya umeme, au la pikipiki ambayo mota yake imo humo humo ndani ya gurudumu, na hutakuta brashi za kaboni kama zile za stata ya gari. Katikati kuna koili za shaba zisizozunguka. Kwenye ukingo unaozunguka zimebandikwa sumaku, moja ikielekeza kaskazini yake ndani, inayofuata kusini, hivyo hivyo mpaka duara litimie. Ukitazama kwa makini katikati ya koili utaona vipande vitatu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mahindi, kila kimoja na miguu mitatu. Hizo ndizo sensa za Hall. Kazi yake ni kuiambia kontrola ni upande gani wa sumaku unaopita mbele yake sasa hivi, ili kontrola ijue koili ipi ipewe umeme na ipi inyimwe.

Kutambua sumaku kwa umeme si jambo linalohitaji ujanja mkubwa. Swichi ya ridi inaifanya kazi hiyo na mtu yeyote anaweza kuiona ikiifanya. Ni kijibomba cha kioo kilichozibwa pande zote, ndani yake mkiwa na ndimi mbili nyembamba za chuma kilichochanganywa na nikeli. Ncha zake zimepitana kidogo bila kugusana. Sumaku ikikaribia, kila ulimi unageuka kuwa sumaku ndogo, na kwa kuwa ncha zinazotazamana zinapata pande zilizo kinyume, zinavutana na kushikana. Umeme unapita. Sumaku ikiondoka, ndimi zinajirudi kama springi na umeme unakatika. Swichi hii ilibuniwa na Walter Ellwood katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936, na ikatumika sana kwenye mitambo ya simu. Leo iko kwenye mlango wenye kengele ya wezi, kwenye mita nyingi za maji, na kwenye kile kisaa cha mwendo cha baiskeli ya kawaida chenye kasumaku kwenye spoku. Haihitaji umeme wake yenyewe hata chembe.

Basi kwa nini waundaji wa mota hawakutumia kitu rahisi namna hiyo? Piga hesabu. Chukua gurudumu ambalo mzunguko mmoja unalisogeza mita 2. Likizunguka mara 4 kwa sekunde, baiskeli inakwenda karibu kilomita 29 kwa saa. Kisaa cha spoku kina sumaku moja, kwa hiyo swichi yake inafunga mara 4 tu kwa sekunde, na hiyo ni kazi nyepesi. Lakini mota yenye sumaku 46 ina jozi 23 za kaskazini na kusini, na kila jozi inayopita ni lazima sensa iwake na kuzima mara moja. Nne mara 23 ni 92 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 330,000 kwa saa moja ya safari. Swichi ya ridi iliyotengenezwa kudumu mafungo milioni 100 ingemalizika kwa saa 300 hivi. Bodaboda anayeendesha saa 10 kwa siku angelifungua gurudumu lake kila mwezi.

Kuchakaa kwenyewe si kikwazo pekee. Ndimi za chuma zikigongana hazitulii papo hapo, zinadunda mara kadhaa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kengele ya mlango haijali hilo. Kontrola inayotakiwa kubadili koili kwa wakati sahihi ingeona kila mdundo kama sumaku mpya. Tena ridi haijui kaskazini wala kusini: pande zote mbili zinaifunga sawasawa, na ndani ya mota tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe inayotafutwa. Na kioo ni kioo. Barabara zetu mnazijua.

Sensa ya Hall haina kitu kinachosogea isipokuwa umeme wenyewe. Mwaka 1879 Edwin Hall alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Alikuwa amesoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, kwamba sumaku inapousukuma waya wenye umeme, inausukuma waya, si mkondo uliomo ndani. Hall hakuridhika. Kama mkondo ndio unaosukumwa, aliwaza, basi utabanwa upande mmoja wa kipitishi, na upande huo lazima utofautiane kiumeme na wa pili. Profesa wake, Henry Rowland, alikuwa amewahi kujaribu jambo kama hilo bila kufanikiwa. Hall alibandika karatasi nyembamba mno ya dhahabu juu ya kioo, akapitisha umeme kutoka mwisho hadi mwisho, akaiweka kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, kisha akapima kati ya kingo mbili za pembeni, mahali ambapo kwa kawaida hakuna volti yoyote. Safari hii ilikuwepo. Elektroni zilikuja kutambuliwa mwaka 1897, miaka 18 baadaye, kwa hiyo Hall aliupima msukumo wa chembe ambazo hakuna aliyejua kuwa zipo.

Kinachotokea ndani ya kile kipande bapa ni hiki. Elektroni zinakwenda mbele, sumaku inazisukuma pembeni, zinarundikana kwenye ukingo mmoja na ukingo wa pili unabaki na upungufu. Ni kama abiria kwenye korido ya stendi ambao wote wanasukumwa kuelekea ukuta mmoja: msongamano ukizidi, wa ukutani wanaanza kuwarudisha wengine, na mwishowe watu wanaendelea kwenda mbele moja kwa moja, ila upande mmoja umejaa kuliko mwingine. Tofauti hiyo ya kujaa ndiyo volti ya Hall. Ukigeuza sumaku, upande unaojaa unabadilika, na volti inageuka kutoka chanya kuwa hasi. Hivyo ndivyo kipande kisicho na macho kinavyotofautisha kaskazini na kusini.

Ugumu ni kwamba volti hiyo ni ndogo sana. Tuchukue bapa la shaba lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, tulipitishie ampia 1, na tulisogezee sumaku nzuri inayotoa tesla 0.1 mahali hapo. Volti ya Hall itakuwa kama 0.00000007. Hakuna multimita ya fundi itakayoiona. Shaba ina elektroni nyingi mno, kwa hiyo kubeba ampia moja hakuzilazimu kukimbia, zinakokotana tu. Na msukumo wa sumaku hutegemea mwendo. Elektroni ya polepole husukumwa kidogo. Dawa ni kutafuta kitu chenye elektroni chache, ambazo kwa mkondo huo huo zitalazimika kwenda mbio, na kukifanya chembamba, kama Hall alivyofanya na dhahabu yake. Silikoni iliyochanganywa kwa kipimo inaweza kuwa na elektroni huru chache kuliko shaba mara milioni kadhaa. Bapa lake lenye unene wa sehemu moja ya mia ya milimita, likipitishiwa miliampia 1 tu, mbele ya sumaku ile ile linatoa karibu volti 0.006. Bado ni kidogo, lakini inaongezeka kwa urahisi.

Ndiyo maana kile kipande cheusi si bapa tupu. Ndani yake, juu ya silikoni ile ile, kuna kikuza sauti cha volti, kama ningekiita hivyo, kisha sakiti inayoamua: kusini ikifika kwa nguvu ya kutosha, transista ya kutokea inawashwa, inabaki imewashwa mpaka kaskazini ije kuizima. Mguu mmoja ni wa volti 5, mmoja wa hasi, na wa tatu ni wa ishara.

Mguu huo wa ishara ndio unaowapotosha wengi. Sensa hizi haziwezi kutoa volti 5 zenyewe. Zinachoweza ni kuuvuta waya wa ishara chini hadi karibu sifuri, au kuuachia. Volti inayoonekana zikiuachia inatoka kwenye kontrola, kupitia rezista iliyomo humo. Ukichomoa soketi ya mota kutoka kwenye kontrola, ukaipa sensa volti 5 pembeni na kupima waya wa ishara bila kuweka rezista, multimita haitakuonyesha kitu cha maana, na utaihukumu sensa nzima kuwa imekufa. Ipime soketi ikiwa imechomekwa, kontrola ikiwa imewashwa, ncha za multimita zikiingizwa kwa nyuma ya soketi. Anza kati ya waya mwembamba mwekundu na mweusi, ambapo unatarajia volti 5 hivi. Zikikosekana, usiguse mota kwanza; tatizo laweza kuwa kwenye kontrola, au sensa moja imepiga shoti na kuzimeza. Zikiwepo, hamia kwenye nyaya tatu za ishara, ambazo mara nyingi ni njano, kijani na buluu, huku ukizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Kila moja iruke kutoka karibu sifuri hadi karibu 5 na kurudi. Isiyoruka ndiyo mgonjwa wako, ama ni waya wake uliokatika pale unapoingilia kwenye ekseli. Katika mpangilio wa kawaida wa mota hizi, sensa zote tatu haziwi juu kwa pamoja wala chini kwa pamoja hata mara moja, kwa hiyo ukizikuta hivyo kuna hitilafu. Dalili ya barabarani ni mota inayoguna na kutetemeka inapoanza, kisha inakwenda vizuri ukiisukuma kwa miguu. Chanzo mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye gurudumu, au joto la kupanda mlima na mzigo.

Sensa hii ina gharama yake, nayo ni umeme. Ile ya kawaida hula kama miliampia 5 muda wote, sumaku iwepo au isiwepo. Kwenye betri ya pikipiki hilo si kitu. Lakini iweke kwenye mita ya maji inayotegemea betri ya miliampia-saa 2,500, nayo itaimaliza kwa saa 500, yaani wiki tatu. Ridi ingekaa hapo miaka bila kula chochote, ikifunga mara moja tu kila lita kadhaa zinapopita. Kwa mita ya maji, kwa maoni yangu, ridi bado haijashindwa, ingawa ina udhaifu wake: mwizi wa maji akibandika sumaku kubwa nje ya mita, ndimi zinashikana na kubaki zimeshikana, na hesabu inasimama huku bomba likitiririka. Baadhi ya watengenezaji huweka ridi ya pili mbali kidogo na ya kwanza, ambayo ikifunga inaandika kwamba mita imechezewa.

Siku hizi ziko sensa za Hall zinazolala. Zinaamka kwa muda mfupi mno, zinatazama kama sumaku ipo, zinalala tena, na wastani wa umeme wake unashuka hadi elfu moja ya ule wa kawaida. Hizo ndizo zinazoizima skrini ya kompyuta mpakato unapofunga kifuniko. Baadhi yake huamka kama mara 20 kwa sekunde, na kwa kifuniko hilo linatosha kabisa. Fundi akiichukua hiyo kwa sababu miguu inafanana na kuichomelea ndani ya gurudumu letu la mara 92 kwa sekunde, itajibu vizuri akizungusha kwa mkono pale karakana, kisha itaanza kuruka sumaku mara tu baiskeli itakapoingia barabarani.