Teke la Daniel Limehesabiwa au Limefutwa?

Mwaka 1984, katika fainali ya mashindano ya karate ya All Valley huko California, Daniel LaRusso alisimama kwa mguu mmoja, akanyanyua mikono kama korongo, kisha akamtandika Johnny Lawrence teke la uso. Filamu ya The Karate Kid ikaisha muda mfupi baadaye, steringi kashinda, watazamaji wakaenda zao.

Teke hilo ni kipimo kizuri kwa mtu anayechanganywa na maneno ambayo kampuni za filamu hubandika kwenye kazi zao mpya. Kila inapotoka hadithi yenye jina la zamani, kuna la kuuliza kwanza: yaliyotokea katika ile ya awali bado yanahesabiwa, au yamefutwa?

Katika Cobra Kai, tamthilia iliyoanza mwaka 2018, yanahesabiwa mno. Johnny sasa ni mtu mzima aliyeharibikiwa, Daniel ni tajiri wa kuuza magari, na miaka zaidi ya 30 baadaye bado wanabishana kama teke lile lilikuwa halali. Wahusika hao wawili wanachezwa na walewale, Ralph Macchio na William Zabka, wakiwa na mikunjo yao ya kweli. Huu ni mwendelezo: saa ya hadithi imesonga mbele, na kila jeraha la zamani lina mwenyewe. Wapo wanaoiita tawi kwa kuwa Johnny, aliyekuwa adui, amepewa nafasi kubwa. Lakini ugomvi unaoisukuma ni uleule wa 1984, na Daniel yumo tangu mwanzo, kwa hiyo jina la mwendelezo linaikaa vizuri zaidi.

Filamu ya The Karate Kid ya mwaka 2010 ni jambo jingine kabisa. Humo hakuna Daniel wala Bwana Miyagi. Yupo Dre Parker, anayechezwa na Jaden Smith, mtoto anayehama na mama yake kutoka Detroit kwenda Beijing, anaonewa, anaokolewa na fundi mkimya anayechezwa na Jackie Chan, kisha anaingia mashindanoni. Mifupa ni ileile, nyama ndiyo mpya. Daniel alifundishwa ulinzi kwa kupaka magari nta; Dre anafundishwa kwa kuvua koti, kulitundika na kulivaa tena, siku nenda siku rudi. Mchezo wenyewe ni kung fu, ingawa bango bado linasema karate, kwa kuwa jina ndilo lililouza tiketi. Hiyo ndiyo rimeki: hadithi inasimuliwa upya, na katika usimulizi huo ile ya kwanza haikuwahi kutokea.

Tawi hutambulika haraka. Mhusika mmoja anatolewa kwenye hadithi kubwa na kupewa yake, wakati hadithi kubwa inabaki kama ilivyo. Berlin wa La Casa de Papel alikufa katika wizi wa kiwanda cha kuchapa noti, lakini mwaka 2023 akapata tamthilia yake iitwayo Berlín, inayorudi nyuma hadi siku alizokuwa akiiba vito jijini Paris na genge jingine. Raquel Murillo na Alicia Sierra wanatokea humo wakiwa bado polisi, na hapo mtazamaji anajua yuko katika dunia ileile.

Ributi ndiyo inayosumbua zaidi, maana inafanana na rimeki. Tofauti ni kwamba ributi hairudii hadithi moja. Inamchukua mhusika, inafuta historia yake, kisha inafungua mfululizo mpya. Casino Royale ya mwaka 2006 ilifanya hivyo kwa James Bond: baada ya filamu 20, Daniel Craig anaonekana akiwa bado hajapata leseni ya kuua, na anakutana na rafiki yake wa Marekani, Felix Leiter, kana kwamba hawajawahi kuonana. Ajabu ni kwamba bosi wake, M, aliendelea kuchezwa na Judi Dench, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1995. Uso uleule, lakini bosi wa dunia nyingine.

Kwa hiyo sura ya mwigizaji peke yake si ushahidi wa kutosha. Na hata rimeki inaweza kubadilishiwa cheo. Mwaka 2025 ilitoka Karate Kid: Legends, ambamo Daniel na Bwana Han wa Jackie Chan wanamfundisha kijana mmoja jijini New York. Filamu inaanza na kipande cha zamani, cha sehemu ya pili ya mwaka 1986, Miyagi akimsimulia Daniel juu ya mmoja wa mababu zake wa kale aliyefika China. Kutoka hapo ukoo wa Miyagi unaunganishwa na wa Han. Ghafla hadithi ya Beijing, ambayo kwa miaka 15 ilikuwa peke yake, ikawa imetokea katika dunia moja na ile ya California, bila hata picha yake moja kubadilishwa.