Hisa Zilizoondoka Usiku wa Jumatano

Wanaoanza kujifunza opsheni za hisa za Marekani hufundishwa kwanza upande wa mnunuzi: toa pesa kidogo, subiri hisa ipande, vuna. Naona ni heri kuanza na muuzaji. Mnunuzi akishalipa, hasara yake ina kikomo na anaijua tangu siku ya kwanza. Muuzaji ndiye aliyetoa ahadi, na ndiye ambaye siku moja hufungua akaunti yake asubuhi akakuta hisa zake hazipo. Mambo manne yanayowasumbua wawekezaji wapya kwenye vikundi vyao vya kujifunza, yaani bei ya makubaliano, ada, siku ya kuisha na kupangiwa wajibu, yote hukutana asubuhi hiyo.

Opsheni ni mkataba. Opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa, mpaka tarehe iliyokubaliwa. Opsheni ya kuuza humpa haki ya kuuza kwa masharti kama hayo. Ni haki tu: akiona haimfai, anaiacha ife. Wasomaji wa Nairobi wanaolifahamu soko la NEXT, lililofunguliwa na Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2019, walianzishiwa na mikataba ya fyucha, ambayo humfunga mnunuzi na muuzaji sawasawa. Kwenye opsheni anayefungwa ni mmoja, naye ni muuzaji, na kwa kukubali kufungwa analipwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Bei zake nimezipanga kwa ajili ya hesabu, ila taratibu zote ni za soko lenyewe. Mwekezaji ana hisa 100 za kampuni ya Marekani, kila hisa ikiwa na bei ya dola 50. Anauza opsheni moja ya kununua yenye bei ya makubaliano ya dola 52, itakayoisha baada ya wiki tano. Mnunuzi anamlipa dola 1.20 kwa kila hisa. Kwa kuwa opsheni moja ya hisa kwa kawaida hubeba hisa 100, zinazoingia kwenye akaunti ya muuzaji ni dola 120.

Hizo dola 52 ndizo skrini ya dalali inaziandika chini ya `Strike`. Hisa ikipanda mpaka 60 au ikishuka mpaka 40, bei hiyo haisogei. Muuzaji hakuitunga mwenyewe, aliichagua kati ya ngazi za bei ambazo soko limeshaziweka. Hayo yalianza Chicago, tarehe 26 Aprili 1973, soko la kwanza la opsheni zenye masharti ya namna moja lilipofunguliwa kwa hisa za kampuni 16. Kabla ya hapo, watu wawili walipatana bei na tarehe zao wenyewe, na kumpata mtu wa tatu wa kuununua mkataba kama huo ilikuwa kazi. Masharti yalipofanana, mkataba ukawa bidhaa inayoweza kuuzwa na kununuliwa tena kila dakika. Jambo hili lina faida kwa muuzaji wetu, kama tutakavyoona.

Zile dola 120 ndizo ada, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Ada si sehemu ya bei ya hisa. Mnunuzi akiitumia haki yake atalipa dola 52 kamili kwa kila hisa, na ile 1.20 hairudi kwa vyovyote vile. Basi tuseme siku ya mwisho hisa imefika dola 53. Mnunuzi akipiga hesabu anaona yuko nyuma: akinunua kwa 52 na kuuza kwa 53 anapata dola 100, naye alishatoa 120. Je, ataiacha opsheni ife? Hapana. Akiiacha amepoteza dola 120 zote, akiitumia amepoteza 20 tu. Kwa hiyo muuzaji asijifariji kwamba hatapangiwa kwa sababu mnunuzi bado hajapata faida. Senti moja juu ya bei ya makubaliano inatosha.

Ada yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani iliyomo tayari, yaani kiasi ambacho bei ya hisa imeizidi bei ya makubaliano. Ya pili ni bei ya muda uliobaki, ambao ndani yake lolote laweza kutokea. Siku muuzaji wetu alipouza, hisa ilikuwa dola 50, chini ya 52, kwa hiyo dola 1.20 yote ilikuwa bei ya muda. Sehemu hii hupungua kila siku na siku ya kuisha hubaki sifuri. Kuitoa kwenye ada ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo hesabu ningependa kila kikundi kiifanye mpaka iwe mazoea, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama kupangiwa kumekaribia.

Zimepita wiki tatu. Hisa imepanda hadi dola 55, na opsheni ileile sasa inauzwa dola 3.05. Thamani iliyomo ni 55 kutoa 52, yaani dola 3. Bei ya muda ni senti 5. Wiki mbili zimebaki, mbona muda umekuwa rahisi hivyo? Kwa sababu kampuni imetangaza gawio la senti 90 kwa kila hisa. Leo ni Jumatano, na kuanzia kesho, Alhamisi, atakayenunua hisa hiyo hatapata gawio hilo. Soko likifunguliwa kesho, bei ya hisa kwa kawaida itashuka kwa kiasi kinachokaribia gawio. Mwenye opsheni hana hisa, kwa hiyo gawio si lake, na kushuka kwa bei kutamla. Akiitumia haki yake leo anaacha senti 5 za muda na anapata senti 90 za gawio.

Ataitumia leo. Anaruhusiwa, kwa kuwa opsheni za hisa za kampuni mojamoja katika masoko ya Marekani zinaweza kutumika siku yoyote ya kazi kabla ya kuisha. Nyingi za faharisi kubwa husubiri siku ya mwisho, na hilo husomwa kwenye masharti ya mkataba. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kupangiwa hutokea mwisho wa mkataba tu, usiku wa Jumatano hii ndio unamkuta hajui.

Mnunuzi humwambia dalali wake, na dalali hupeleka taarifa kwa OCC, shirika linalosimama katikati ya wauzaji na wanunuzi wote wa opsheni za hisa nchini humo. Mnunuzi hamtafuti mtu aliyemuuzia, wala hawajuani. OCC huchagua kwa bahati nasibu kampuni ya udalali yenye wateja waliouza opsheni ya aina hiyohiyo, kisha kampuni hiyo humchagua mteja wake kwa kura au kwa utaratibu mwingine wa haki iliojiwekea. Ni kama kura ya upatu, ila anayeangukiwa hapa anapata wajibu. Ndiyo maana watu wawili wa kikundi kimoja, waliouza opsheni ileile siku moja, wanaweza kuamka Alhamisi mmoja amepangiwa na mwingine bado ana hisa zake.

Muuzaji wetu kura imemwangukia. Kwenye akaunti kuna neno `Assignment`, hisa 100 hazipo, na zimeingia dola 5,200. Akijumlisha ada, amepata dola 5,320 kwa hisa zilizokuwa na thamani ya 5,000 alipoanza. Hakuibiwa, na ninalisema wazi kwa sababu nimesikia watu wakilalamika hivyo. Amelipwa alichokubali. Alichokikosa ni gawio la dola 90 na kupanda kote juu ya 52.

Angeweza kujitoa? Ndiyo, lakini Jumatano kabla soko halijafungwa. Angeinunua tena opsheni ya aina ileile kwa dola 305, na ahadi yake ingekuwa imefutika. Kwenye mkataba angekuwa amepoteza dola 185, lakini hisa zake, zilizopanda kwa jumla ya dola 500, na gawio vingebaki vyake. Alhamisi asubuhi mlango huo umefungwa, kwani wajibu ukishapangwa haurudishwi. Ishara ya kuangalia ni moja: kama kesho ndiyo siku ya kukosa gawio, na bei ya muda iliyobaki ni ndogo kuliko gawio, jihesabu kuwa umeshapangiwa.

Hali ya aliyeuza opsheni hiyo bila kuwa na hisa ni ngumu zaidi. Anadaiwa hisa 100 ambazo hana, analazimika kuzinunua kwa bei ya soko, na lile gawio la dola 90 hulilipa mfukoni mwake. Hisa ikiwa imefika 80, au 120, hakuna dari ya kumzuia asipoteze zaidi. Mgeni asiuze opsheni ya namna hiyo. Kwa opsheni ya kuuza mambo hugeuka: aliyeiuza kwa dola 52 akipangiwa, anatakiwa awe na dola 5,200 za kununulia hisa ambazo sokoni huenda zina thamani ya 40 tu.

Imebaki siku ya kuisha. Opsheni za kila mwezi kwa kawaida huisha Ijumaa ya tatu ya mwezi, ingawa siku hizi zipo za kila wiki pia. Soko hufungwa saa kumi jioni za New York. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni saa tano usiku Marekani ikiwa kwenye saa za kiangazi, na saa sita usiku kipindi cha baridi kali huko. Opsheni ambayo hisa yake imeizidi bei ya makubaliano hata kwa senti moja, OCC huitumia yenyewe, isipokuwa mwenye nayo amekataza.

Tatizo linakuja hisa inapofungia jirani kabisa na bei ya makubaliano. Tuseme muuzaji wetu hakupangiwa ile Jumatano, na Ijumaa ya mwisho hisa imefunga kwa dola 51.95. Anadhani yamekwisha, ada ni yake na hisa ni zake. Lakini mwenye opsheni ana hadi saa moja na nusu baada ya soko kufungwa kutoa maagizo, ingawa madalali wengine huweka ukomo wa mapema zaidi. Kampuni ikitoa habari njema dakika ishirini baada ya soko kufungwa, na hisa ikapanda kwenye biashara ya jioni, mnunuzi anaweza kuitumia haki yake kwa 52 wakati muuzaji ameshazima simu akalala. Ndiyo sababu wauzaji waliozoea kazi hii hulipa senti chache Ijumaa hiyohiyo wakainunua opsheni yao kabla kengele haijalia. Asiyefanya hivyo asiuze wala kuahidi hisa hizo kwa mtu mwingine mpaka dalali aonyeshe matokeo ya upangaji, na hayo huweza kuonekana Jumamosi, au Jumatatu kabla soko halijafunguliwa.