Ikoni Uliyoiondoa Jana Leo Imerudi

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zilizokuwa zikisuasua zilijikuta hazina budi kuhamia Windows 11. Uhamisho huo ulikuja na tangazo linalofanana karibu kila mahali, la afisa TEHAMA kuwaarifu watumishi kwamba kompyuta zote sasa zitakuwa na mpangilio mmoja wa eneokazi, yaani ile sura unayokutana nayo ukishaandika nywila: picha ya nyuma, ikoni zake, na mwambaa kazi ulio chini ya skrini. Sisi tunaoyaandika matangazo haya huwa tunayafupisha mno. La kawaida linasomeka hivi:

“Kwa watumishi wote. Kuanzia Jumatatu kompyuta zote zitakuwa na mpangilio mpya wa eneokazi. Picha ya nyuma na muda wa skrini kujifunga vimewekwa na ofisi. Programu nne zimebandikwa kwenye mwambaa kazi. Unaweza kuongeza za kwako. Faili za Desktop sasa zitakaa kwenye seva. Kwa tatizo lolote wasiliana na kitengo cha TEHAMA.”

Aliyeliandika anaona amemaliza. Anayelisoma haelewi ni kipi chake na kipi cha ofisi, na hapo ndipo simu zinapoanza kulia.

Simu ya kwanza hutoka mahali kama masjala. “Kaka, hii Excel niliitoa jana kwa mkono wangu, leo imerudi. Kuna mtu anaingia kwenye kompyuta yangu usiku?” Dada wa watu hatumii Excel, kazi yake ni barua na majalada, kwa hiyo alibofya ikoni ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua `Unpin from taskbar`, ikatoweka. Asubuhi alipoingia akaikuta imekaa palepale.

Hakuna aliyeingia. Mpangilio wa mwambaa kazi ni faili dogo la maandishi ambalo afisa TEHAMA huliandika mara moja na kuliweka kwenye seva. Ndani yake kuna mstari mmoja kwa kila programu, kama hivi:

```
<taskbar:DesktopApp DesktopApplicationID="Microsoft.Windows.Explorer"/>
<taskbar:DesktopApp DesktopApplicationLinkPath="%ALLUSERSPROFILE%\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs\Excel.lnk"/>
```

Kila kompyuta ya ofisi imeagizwa kulisoma faili hilo. Hulisoma mtu anapoingia, na maagizo ya ofisi kwa jumla huangaliwa upya kimyakimya kila baada ya dakika 90 hivi, pamoja na dakika chache za nasibu ili kompyuta zote zisiikimbilie seva kwa wakati mmoja. Kompyuta ikikuta Excel imo kwenye faili lakini haimo kwenye mwambaa, inairudisha. Haijui kwamba uliitoa makusudi. Tangu masasisho ya katikati ya 2025 afisa TEHAMA anaweza kuongeza kwenye faili hilo kipengele kiitwacho `PinGeneration`, kinachoiambia kompyuta iheshimu uamuzi wa mtu aliyeondoa ikoni. Ofisi ambayo kompyuta zake hazijasasishwa, au ambayo mtu wake hajakiweka, itaendelea kuwarudishia watu Excel wasiyoitaka. Kwa hiyo dada wa masjala asishindane na kompyuta. Aombe kipengele hicho kiwekwe, au aiburute Excel hadi mwisho wa safu na kuitanguliza programu yake. Programu anayoiongeza mwenyewe kwa `Pin to taskbar` haiguswi, ila afisa akiwa mkali akaamua kufunga kila kitu. Sioni faida ya ukali huo. Ninachotaka mimi ni mtu mgeni akikaa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi aione barua pepe mahali palepale. Mengine ni ya mwenye kiti.

Picha ya nyuma na muda wa skrini kujifunga ni habari nyingine. Hayo yamefungwa, na utayatambua kwa sababu sehemu ya kubadilisha imekuwa ya kijivu, na juu yake kuna maneno `Some of these settings are managed by your organization`. Ukiyaona maneno hayo, usiitafute njia ya mzunguko, haipo kwa mtumiaji wa kawaida. Skrini hujifunga ili mtu akienda kunywa chai asiache mishahara ya wenzake wazi. Ukitoka mezani usisubiri ijifunge yenyewe. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L.

Kisha kuna lile ambalo tangazo halikulitaja kabisa, nalo ndilo linalowaudhi watu wengi zaidi: kitufe cha Start kimehama kutoka kona ya kushoto na kukaa katikati. Windows 11 ilitoka hivyo tangu Oktoba 2021, si uamuzi wa ofisi. Kukirudisha ni kazi ya nusu dakika. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye mwambaa kazi, chagua `Taskbar settings`, fungua sehemu ya `Taskbar behaviors`, na penye `Taskbar alignment` badilisha `Center` iwe `Left`. Kitahama hapohapo, bila kuzima wala kuwasha. Maandishi yakiwa madogo kwa macho yako, nenda `Settings`, kisha `Accessibility`, kisha `Text size`, na usogeze kitelezi. Kinafika asilimia 225, ingawa mimi simshauri mtu avuke 150, maana vichwa vya safu huanza kukatika. Kurasa za wenye miwani tusizifanye mabango.

Sasa niingie kwenye sentensi ile ya faili kukaa kwenye seva, kwa sababu ndiyo inayoweza kumharibia mtu siku.

Watu wengi huhifadhi kila kitu kwenye eneokazi: rasimu za barua, bajeti, picha za sherehe. Zamani vyote hivyo vilikaa kwenye diski ya kompyuta ile ile, na diski ikifa navyo vimekufa. Katika mpangilio mpya, eneokazi unaloliona ni dirisha la folda iliyoko kwenye seva. Ukihamishiwa ofisi ya jirani, ukaingia kwa jina lako, unakuta faili zako zinakusubiri.

Uhamisho wenyewe una swichi moja inayoamua kama vitu vya zamani vitasombwa kwenda seva au vitaachwa. Ikiwa imewashwa, mara ya kwanza kuingia kunaweza kuchukua muda mrefu, hasa kwa mtu aliyelundika video, na ni vizuri kumwacha amalize badala ya kuzima kompyuta kwa nguvu. Ikiwa haikuwashwa, mtu anaingia na kukuta eneokazi jeupe, hakuna hata faili moja, na anapiga simu akilia kwamba kazi ya mwaka mzima imefutwa.

Haijafutwa. Chukua mfano wa mhasibu aliyeingia Jumatatu akakuta bajeti ya robo mwaka haipo. Anafungua `File Explorer`, anaandika kwenye upau wa juu njia ya folda ya zamani, `C:\Users\`, anaingia folda yenye jina lake, kisha `Desktop`. Bajeti yake imelala humo pamoja na vyote vingine. Anavichagua kwa Ctrl na A, anavinakili kwa Ctrl na C, anarudi kwenye eneokazi jipya na kuvibandika kwa Ctrl na V. Nasema kunakili, si kuhamisha kwa Ctrl na X: cha zamani kibaki mahali pake mpaka ahakikishe cha kwenye seva kinafunguka. Hila hii inafaa pale tu kompyuta yenyewe haikubadilishwa. Kama amepewa mashine mpya, faili ziko kwenye diski ya ile iliyochukuliwa, na inabidi awahi kumwambia fundi kabla haijasafishwa ili apewe mtu mwingine.

Kujua faili lako liko wapi sasa, lichague kisha bonyeza Alt na Enter. Kwenye dirisha linalofunguka tazama palipoandikwa `Location`. Ikianza na `C:\Users`, liko kwenye mashine hii tu. Ikianza na mikwaju miwili, `\\`, na jina la seva, limehamia.

Dirisha hilohilo linafichua mtego mwingine ulioletwa na mpangilio mpya. Ili kuwarahisishia watu, afisa TEHAMA huweka kwenye eneokazi njia za mkato kwenda kwenye nyaraka za pamoja, kwa mfano orodha ya bei. Ikoni yake inafanana na faili halisi, isipokuwa ina mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto. Mtu anainakili kwenye flashi, anapanda basi, anafika mkutanoni, anabofya, haifunguki. Alichobeba ni anwani, si waraka. Angeangalia `Type of file` angekuta `Shortcut`, na ukubwa wake kilobaiti moja au mbili, wakati orodha ya bei ya kurasa nyingi haiwezi kuwa ndogo kiasi hicho. Dawa ni kubofya ikoni kwa kitufe cha kulia, kuchagua `Open file location`, na kunakili faili lililoko huko. Kwa upande mwingine, ukiifuta njia ya mkato hujafuta waraka, kwa hiyo usiwe na hofu ya kusafisha.

Nikitaja kitufe cha kulia nakumbuka lalamiko moja la haki. Windows 11 imefupisha orodha inayofunguka hapo, na amri za kukata na kunakili zimegeuzwa vipicha vilivyopangwa mstari mmoja. Anayezitaka amri zote za zamani achague `Show more options` chini ya orodha, au abonyeze Shift pamoja na F10.

Na ukimpigia simu mtu wa TEHAMA, usimwambie “kompyuta yangu ina shida.” Fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `About`, umsomee jina lililo penye `Device name`, kisha umsomee maneno ya kosa kama yalivyoandikwa kwenye skrini. Akiwa na jina hilo anaweza kuangalia akiwa kwenye meza yake kama kompyuta yako imeyasoma maagizo mapya. Kama haijayasoma, atakuelekeza uandike `gpupdate /force` kwenye dirisha jeusi la amri, utoke, uingie tena.