Fungu Moja Limekatika

Binamu yangu wa Morogoro alinipigia simu jioni moja kuniambia anafunga akaunti yake ya Gmail. Alikuwa amechoka kulipia nafasi ya ziada kila mwezi, na barua za biashara yake ya mapambo ya harusi zilikuwa zimeshahamia kwenye anwani nyingine.

"Kaka, nimeshapakua kila kitu," akasema. "Nibonyeze tu?"

Nikamuuliza amejuaje kuwa ni kila kitu. Akanyamaza kidogo. "Si wameniandikia kwamba iko tayari?"

Ujumbe ule una maana moja tu: nakala imetengenezwa. Hausemi kama imefika nzima kwenye kompyuta yako, wala hausemi kama ulichoagiza ndicho ulichokuwa nacho. Hayo mawili ni kazi ya mwenye akaunti, na wakati wa kuyafanya ni pale akaunti ikiwa bado hai, ili pande mbili zilinganishwe. Ukishafunga, umebaki na upande mmoja, na upande mmoja haulinganishwi na chochote. Nikamwambia asibonyeze. Jumamosi nikapanda basi.

Huduma ya Google ya kuchukua data yako inaitwa Takeout, ipo tangu 2011, na hufunguliwa kwa kuandika takeout.google.com. Ukiingia unaona orodha ndefu ya huduma: barua, picha, faili za Drive, majina ya simu, kalenda na nyingine nyingi ambazo huenda hujawahi kuzitumia. Nyingi zimeshawekewa alama, lakini si zote, kwa hiyo pitia orodha mpaka chini. Chini ya baadhi ya huduma kuna kitufe cha kupunguza, kwa mfano kuchagua albamu au lebo chache tu. Mtu aliyewahi kukichezea akasahau huletewa nakala iliyotengenezwa bila kosa lolote, ila ni ya nusu ya mali yake.

Ukurasa unaofuata ndio wenye uamuzi mgumu kwa mtu wa intaneti ya kukatikakatika: ukubwa wa kila fungu. Google huigawa nakala katika mafungu, na wewe unachagua kuanzia GB 1 hadi GB 50. Wengi huchagua kubwa kwa kudhani faili moja ni rahisi kuitunza. Kwa bando la simu huo ni mtego. Kiungo cha kupakulia hudumu takribani siku saba, na kuna kikomo cha mara ambazo unaweza kulipakua fungu lilelile. Fungu la GB 50 likikatika mara kadhaa, umemaliza bando na bado huna kitu. Chagua GB 2. Kuna faida nyingine: flashi nyingi tunazonunua dukani zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika GB 4, hata kama flashi yenyewe ina nafasi ya GB 64.

Usichague pia nakala iwekwe kwenye Drive ya akaunti ileile unayotaka kuifunga. Itakula nafasi uliyonayo, na siku ya kufunga itaondoka pamoja na vingine. Nimeona watu wakifanya hivyo wakiamini wamehifadhi.

Binamu alikuwa amechagua vizuri, GB 2. Alikuwa na GB 21 na kidogo, nyingi zikiwa picha, naye akaletewa mafungu 12. Kwenye folda yake tukayakuta yote kwa namba, kuanzia 001 hadi 012. Jambo la kwanza ni hilo: hesabu mafungu, linganisha na idadi iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia, kisha tazama ukubwa wa moja moja. La tisa lilikuwa na GB 1.3, wenzake karibu na 2. La mwisho huwa dogo kwa kawaida, kwa kuwa limebeba mabaki. Dogo la katikati linatia shaka.

Shaka haitoshi, tukalipima. Kwenye Windows, programu ya bure ya 7-Zip ina kitufe cha "Test archive": unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua hicho, unasubiri. Kwenye Linux au Mac unafungua dirisha la amri, unaandika amri hii ukiweka jina la faili lako:

```
unzip -t takeout-009.zip
```

Fungu zima humalizia kwa maneno "No errors detected". La kwetu lilijibu "End-of-central-directory signature not found". Orodha ya yaliyomo ndani ya faili ya .zip hukaa mwishoni kabisa mwa faili. Faili ikikatwa mkia, orodha haipo, na programu haijui pa kuanzia. Binamu akakumbuka kuwa usiku ule umeme ulikatika pale alipokuwa anapakulia, na uliporudi aliendelea na fungu la kumi. Kiungo kilikuwa kimebakiza siku mbili. Tukalipakua upya, tukalipima, likakubali. Mengine 11 nayo tukayapima yote, kwa sababu fungu lenye ukubwa unaofaa linaweza kuwa limeharibika ndani.

Baada ya hapo tukayafungua yote ndani ya folda moja, si kila fungu na folda yake. Sababu yake nitaieleza kwenye picha. Ndani yake kuna ukurasa unaoitwa archive_browser.html, ambao unaorodhesha huduma zilizomo pamoja na faili ambazo hazikuweza kutolewa. Watu hawaufungui, nao ndio wenye taarifa ya mapungufu.

Barua ndizo rahisi kuhakiki, kwa sababu zinahesabika. Zote hukaa kwenye faili moja yenye mwisho wa .mbox, na kila barua iliyomo ina mstari unaoanza na X-GM-THRID. Ukihesabu mistari hiyo umehesabu barua:

```
grep -c '^X-GM-THRID' *.mbox
```

Tukapata 9,372. Binamu akafungua Gmail kwenye kompyuta, akaingia "All Mail" na kusoma namba iliyo juu kulia: 5,102. Akanitazama kama niliyemdanganya. Lakini Gmail huunganisha barua na majibu yake kuwa mazungumzo mamoja, na kilichohesabiwa pale ni mazungumzo. Kwenye "Settings" kuna kipengele cha "Conversation view". Tukakizima, namba ikawa 9,319. Bado pungufu. Nakala ya Takeout huchukua pia barua taka na zilizotupwa, wakati "All Mail" haizihesabu. Spam zilikuwa 41, Trash 12. Jumla 9,372.

Kulingana sawasawa namna ile ni bahati, kwa kuwa tangu aombe nakala hakuwa amepokea barua yoyote pale. Kwa akaunti inayotumika, andika namba hizo tatu kwenye daftari siku unayoomba. Tofauti ya barua tatu nne ambazo tarehe zake ni za baada ya ombi inaeleweka. Pengo la mia tano halielezeki hivyo, na hapo unaomba nakala upya ya barua peke yake. Kwa kuzisoma tulitumia Thunderbird, tukafungua ya zamani kabisa, ya katikati na ya mwisho, pamoja na viambatisho vyake.

Picha zina ugumu wake. Takeout huzipanga kwa folda za mwaka, "Photos from 2016" na kuendelea, na pembeni ya picha huweka faili ndogo ya .json yenye tarehe ya kupigwa, mahali na maelezo uliyoandika. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu hubeba tarehe ndani yake pia, kwa hiyo hata ile faili ndogo ikipotea, tarehe ipo. Picha zilizopita WhatsApp haziko hivyo. WhatsApp huondoa taarifa hizo inapotuma, na kwa picha hizo tarehe kamili mara nyingi iko kwenye .json tu. Kwa familia zetu, ambako nusu ya picha za misiba na harusi zimekuja kwa WhatsApp, mtu akizifuta zile faili ndogo akidhani ni uchafu hubaki na maelfu ya picha ambazo tarehe zake hazijulikani kwa uhakika. Na kwa kuwa nakala imegawanywa, picha inaweza kuwa kwenye fungu la tatu na .json yake kwenye la nne. Ndiyo maana ya kufungulia yote mahali pamoja.

Kuzihesabu picha kwa uhakika ni vigumu, maana moja inaweza kuonekana kwenye folda ya mwaka na tena kwenye folda ya albamu. Tulifanya kwa matukio. Binamu alitaja mambo kumi asiyokubali kuyapoteza, mimi nikatafuta. Tisa yalikuwepo. Harusi ya kaka yake ilikuwa na picha sita tu, na kwenye simu alikuwa anaona zaidi ya mia mbili.

Albamu ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mpwa wetu, aliyemshirikisha, na picha za watu wengine zilikuwa zinaonekana kwake bila kuwa mali yake. Takeout hutoa vilivyo vyako. Akazihifadhi kwenye maktaba yake, tukaomba nakala ndogo ya pili ya albamu hiyo. Kwenye Drive mambo ni hayohayo: faili ulizoshirikishwa na wenzako hubaki kwao, na ukizihitaji unatengeneza nakala yako kwanza.

Kisha upande wa pili, ambao hakuna aliyeufikiria. Binamu ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 24, na jedwali la michango yao alilifungua yeye, miaka mitano iliyopita, kwa akaunti hii. Kwenye nakala yetu lilikuwemo, likiwa limegeuzwa kuwa faili ya Excel, salama kabisa. Lakini lile wanalolifungua wenzake kila Ijumaa lingefutwa pamoja na akaunti. Nakala inaweza kuwa kamili kwako, na watu 24 wakaamka hawana daftari.

Google inaruhusu kumkabidhi mtu mwingine umiliki wa faili, ila kwa akaunti za kawaida anayekabidhiwa lazima akubali. Tukamtumia katibu ombi. Akajibu kwa ujumbe kwamba yuko shambani na simu haina chaji.

Tulitumia muda huo kunakili kila kitu kwenye diski mbili, moja ikabaki kwake, moja nikaondoka nayo. Katibu alikubali Jumatano. Binamu akamwomba alifungue jedwali, aandike mchango mmoja na kuufuta, ili ajue linafanya kazi mikononi mwake. Alhamisi usiku akanitumia picha ya skrini: akaunti imefungwa.