Amplifaya Mbili Zikiungana, Sauti Hupotelea Wapi?

Kwenye karatasi hesabu haina ugumu. Bodi ya kwanza inakuza mawimbi ya sauti mara 188, ya pili nayo mara 188, kwa hiyo zikifuatana zinatakiwa kukuza mara 188 kwa 188, yaani zaidi ya mara 35,000. Fundi anazipima moja moja na kila moja inafanya kazi yake barabara. Anaziunganisha, mwanzoni anachomeka maikrofoni na mwishoni amplifaya kubwa ya spika, anapima upya, anapata mara 8,700 tu. Robo tatu ya ukuzaji haipo, na hakuna transista iliyoungua wala waya uliokatika.

Bodi zote mbili ni nzima. Kilichotokea ni kwamba zimelemeana, na kiasi cha kulemeana huko kinaweza kujulikana hata kabla ya kuwasha chuma cha kuchomelea risasi, mradi fundi ajue namba tatu za kila hatua: inakuza mara ngapi ikiwa haijabeba mzigo, ina ukinzani gani upande wa kuingilia, na ina ukinzani gani upande wa kutokea.

Tuanze na huo wa kutokea. Kila kinachotoa umeme kina ukinzani wake wa ndani, na mkondo ukivutwa, sehemu ya volteji inaishia humo humo. Ndiyo maana taa za nyumba hufifia pale jirani mwenye karakana anapowasha mashine ya kuchomelea vyuma: nyaya za mtaa zina ukinzani, na mashine inavuta mkondo mwingi kupitia nyaya hizo. Hatua ya amplifaya nayo ni chanzo cha umeme kwa hatua inayofuata. Hatua inayofuata, kwa upande wake, haisikilizi bure. Ina ukinzani wa kuingilia, na kwa kupitia ukinzani huo inavuta mkondo kidogo. Volteji iliyozalishwa basi inagawanywa baina ya hivyo vikinzani viwili. Kinachofika ni ukinzani wa kuingilia ukigawanywa kwa jumla ya vikinzani vyote viwili.

Sasa tuifungue bodi yenyewe. Ina BC547, transista ndogo inayojulikana sana kwa mafundi, na betri ya volti 12. Besi imewekewa vikinzani viwili, cha omu 47,000 kutoka juu na cha omu 10,000 kwenda chini. Kwenye emita kuna omu 1,500 na kapasita sambamba nayo, na kwenye kolekta kuna omu 4,700. Kwa mpangilio huo transista inapitisha mkondo wa karibu miliampia 1.

Kutoka hapo namba zote tatu zinajitokeza. Transista inayopitisha miliampia 1 huwa na ukinzani wa ndani wa emita wa takriban omu 25. Ukuzaji bila mzigo ni 4,700 kugawanya kwa 25, na hapo ndipo inapotoka ile 188. Ukinzani wa kutokea ni takriban ule wa kolekta, omu 4,700. Wa kuingilia unahitaji hatua moja zaidi: transista yenye uwezo wa kukuza mkondo mara 200 huonyesha besini omu 25 mara 200, yaani 5,000, lakini vile vikinzani viwili vya besi navyo vinavuta mkondo sambamba nayo. Vyote vikihesabiwa pamoja, hatua nzima inaonekana kama omu 3,100 hivi.

Hapo tatizo liko wazi. Hatua inayotoa kwa ukinzani wa omu 4,700 inailisha hatua yenye omu 3,100. Kati ya volteji iliyozalishwa, kinachovuka ni 3,100 kugawanya kwa 7,800, sawa na asilimia 40. Zaidi ya nusu imebaki ndani ya hatua ya kwanza.

Mianya mingine ni midogo. Maikrofoni ya Shure SM58, ile ya waimbaji iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ina ukinzani halisi wa omu 300. Ikiilisha hatua ya omu 3,100, asilimia 91 ya volteji yake inaingia, na hilo si haba. Mwishoni, kama amplifaya ya spika ina ukinzani wa kuingilia wa omu 10,000, hatua ya pili inaifikishia asilimia 68 ya ilichozalisha.

Kuzidisha 188 kwa 188, kisha kwa 0.91, kwa 0.40 na kwa 0.68 si kazi ngumu kwa kikokotoo, ila ni rahisi kupotea njiani. Wahandisi wa simu walikuwa na shida hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Laini ya New York hadi San Francisco, iliyofunguliwa Januari 1915, ilihitaji amplifaya za valvu njiani, na kila kipande cha waya kilikuwa na upotevu wake. Mwanzoni kampuni ya Bell ilipima upotevu kwa maili za waya wa kiwango maalumu. Katika miaka ya 1920 ilihamia kwenye kipimo cha logaritimu, na mwaka 1928 kikaitwa desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Faida yake kwa fundi ni kwamba kinachozidishwa sasa kinajumlishwa, na kinachopotea kinatolewa.

Kwa volteji, kanuni ni hii:

```
dB = 20 × log10(Vout / Vin)
```

Mara 188 ni desibeli 45.5. Mwanya wa maikrofoni unapoteza 0.8, ule wa kati ya hatua mbili unapoteza 8.0, na wa mwisho 3.4. Kwa hiyo 45.5 na 45.5 zinatoa 91, ukiondoa 12.2 zinabaki desibeli 78.8, na hizo ndizo mara 8,700 alizopima fundi. Uzuri wa kuandika hivi ni kwamba mkosaji anaonekana kwa jicho: kati ya desibeli 12 zilizopotea, nane ziko mahali pamoja.

Tahadhari moja inafaa hapa, kwa sababu hata watu wazoefu huteleza. Desibeli hizo ni za volteji. Anayetaka ukuzaji wa nguvu, yaani wati, hawezi kuchukua namba ile ile, kwani nguvu hutegemea pia ukinzani inamoingia. Kutoka besi ya kwanza hadi kwenye mzigo, volteji inakua kwa desibeli 79.6. Lakini inaingia kwenye omu 3,100 na kutokea kwenye omu 10,000, kwa hiyo ukuzaji wa nguvu ni desibeli 74.5 tu. Namba hizi mbili hulingana pale tu ukinzani wa mwanzo na wa mwisho ukiwa sawa.

Je, kama bodi imenunuliwa na haina mchoro? Ukinzani unaweza kupimwa. Kwa upande wa kutokea, fundi anaingiza mlio mdogo wa hezi 1,000, anapima volteji ya mwisho bila mzigo, kisha anaweka potenshiometa ya omu 10,000 kama mzigo, kupitia kapasita ili asivuruge volteji ya moja kwa moja ya kolekta. Anaizungusha mpaka volteji ishuke hadi nusu. Anaichomoa na kuipima kwa mita: kwa bodi yetu itasoma karibu omu 4,700. Kwa upande wa kuingilia, potenshiometa inawekwa kati ya chanzo cha mlio na bodi, na kuzungushwa mpaka sauti ya mwisho iwe nusu. Kinachosomwa, ukitoa ukinzani wa chanzo chenyewe, ndicho ukinzani wa kuingilia. Njia hii ni ya hatua ndogo tu. Amplifaya ya spika haifai kulemewa namna hiyo, maana inaweza kuungua.

Sikio nalo hutofautisha magonjwa. Sauti iliyopungua kwa kulemewa huwa ndogo lakini safi, kwa sababu mgawanyo wa volteji unapunguza kila kitu kwa uwiano mmoja. Ikiwa inakwaruza, chanzo ni kingine. SM58 hutoa karibu milivolti 1.85 kwa sauti ya paskali 1, kiwango ambacho mwimbaji aliyesogeza mdomo hukivuka bila shida. Milivolti hizo mara 8,700 zingekuwa volti 16, na betri ya volti 12 haina pa kuzitoa, hivyo vilele vya mawimbi vinakatwa. Bodi hizi mbili zinamfaa msemaji aliye mbali kidogo, anayeleta kama sehemu ya kumi ya milivolti. Huyo atapata takriban volti 0.9 mwishoni.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuongeza hatua ya tatu ya aina ile ile. Itakuza, bila shaka, lakini itakuza na mvumo wa hatua ya kwanza, na kuongeza uwezekano wa mluzi sauti ikirudi mwanzoni kupitia nyaya za betri. Dawa iliyo nafuu ni transista moja isiyokuza volteji kabisa. Besi yake inaunganishwa moja kwa moja kwenye kolekta ya hatua ya kwanza, kolekta yake inakwenda kwenye volti 12, na sauti inachukuliwa kwenye emita, iliyo na kikinzani cha omu 6,800. Kwa hatua ya kwanza, transista hiyo inaonekana kama mzigo wa zaidi ya omu 400,000, na kwa hatua ya pili inaonekana kama chanzo chenye omu 50 hivi. Upotevu wa desibeli 8 unashuka hadi chini ya nusu desibeli. Jumla inapanda hadi zaidi ya 86, yaani sauti yenye volteji zaidi ya maradufu, kwa transista moja na kikinzani kimoja.

Namba hizi zina mpaka wake. Ile 200 ya kukuza mkondo hubadilika kati ya transista moja na nyingine, hata zenye jina moja. BC547 nyingine itakuwa na 400, na hapo ukinzani wa kuingilia unapanda hadi omu 4,500, na upotevu wa kati unakuwa desibeli 6.2 badala ya 8. Bodi mbili zilizotengenezwa kwa mchoro mmoja hutofautiana hivyo bila ubovu wowote.

Kwa hiyo, msomaji anayenunua bodi ya kuunganisha na nyingine aulize namba zote tatu, na aulize pia ukuzaji ulioandikwa ulipimwa na mzigo gani. Kama ulipimwa tayari ukiwa na mzigo ule atakaoutumia, mwanya huo ulishahesabiwa, na asiutoe mara ya pili.