Shikamoo kwanza, daftari baadaye

Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalipowatoa watu majumbani, wengi waliishia kambini. Mtu wa kujitolea anayeijua kazi yake huamkia kwanza, hutoa pole, kisha huketi mkekani. Akiuliza, "Mnahitaji nini?" atajibiwa, "Chochote tu, mwanangu."

Basi huuliza, "Bibi, jana usiku mlilalaje? Dawa zenu zimepona?" Hapo ndipo husikia kwamba vidonge vya presha vimekwenda na maji, tena chandarua kimoja kinalaliwa na watu sita.

Mambo ya taulo za kike hayasemwi mbele ya wanaume. Mwanamke mwenzao awaulize kando. Na asiahidi asichokuwa nacho: kambini ahadi hukumbukwa kuliko msaada.